Rehema hapa, nimejiunga leo

Habarini za jioni ndugu zangu. Shikamooni wakubwa, na wenzangu wa rika langu hamjambo?

Naitwa Rehema. Nimeongezwa humu na dada Mwanaidi, ambaye wengi wenu mnamfahamu. Asante sana dada, na asanteni admini kwa kunipokea. Kanuni zilizobandikwa juu nimezisoma zote, ikiwemo ile ya kutotuma matangazo ya biashara na ile ya kutomfuata mtu inboksi bila ruhusa.

Ninashona nyumbani kwa cherehani ya miguu, ile inayopiga mshono wa moja kwa moja tu. Mpaka sasa nimeshona sana mashuka, foronya, sketi na magauni ya watoto. Kilichonileta hapa ni suruali za kaka yangu.

Kaka anatumia kiti cha magurudumu, anakaa karibu siku nzima. Suruali za dukani zimekatwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Mtu akikaa, nyuma inashuka hadi mgongo unabaki wazi, mbele kitambaa kinajikunja na kumbana tumboni, na pindo linapanda juu ya vifundo vya miguu. Hayo yanakera, lakini linaloniumiza zaidi ni mishono minene na mifuko ya nyuma. Kwa mtu ambaye hahisi vizuri sehemu za chini, kitu kigumu anachokikalia kwa saa nyingi kinaweza kumchubua na kumletea kidonda bila yeye kujua, na vidonda vya namna hiyo huchelewa sana kupona. Ndiyo maana hili jambo nimelichukua kwa uzito.

Nilimpima akiwa amekaa kwenye kiti chake, nikachora mchoro mpya. Toka msambani hadi kiunoni, nyuma nimeongeza sentimita 6 na mbele nimepunguza 4. Miguu nimeirefusha ili pindo lifike kwenye kiatu akiwa amekaa. Mifuko ya nyuma nimeiondoa kabisa. Badala yake nataka kuweka mfuko mmoja juu ya paja, pale mkono wake unapofika kwa urahisi na simu haidondoki. Kiunoni nyuma nitatia lastiki, mbele ibaki bapa ili akivaa shati la kuchomekea apendeze. Na anapenda kupendeza! Ameniambia wazi kwamba hataki suruali ya hospitali, anataka jinzi.

Hapo ndipo ninapowahitaji.

Jinzi kwa kawaida hukunjwa na kushonwa mara mbili kwenye maungio, na pale msambani mishono minne inapokutana panakuwa na donge. Nimefikiria kutumia jinzi nyepesi inayovutika kidogo, nishone mshono mmoja, niufungue na kuupiga pasi ulale bapa. Je, utahimili? Na kwa kuwa sina ovaloki, kingo za kitambaa nizizuieje zisichanike nyuzi bila kuongeza unene? Waliowahi kushona jinzi kwa cherehani kama yangu waniambie pia wanatumia sindano namba ngapi. Nina namba 14 na 16.

Kuna suala la zipu pia. Kuvaa suruali akiwa amekaa ni kazi, kwa hiyo nawaza zipu ndefu zaidi mbele, au zipu mbili za pembeni zinazofunguka toka kiunoni. Kaka anaegemea zipu ndefu ya mbele kwa sababu haionekani tofauti na suruali za wenzake, nami naona ana haki ya kuchagua. Ila kama kuna fundi aliyewahi kumshonea mtu anayekaa muda wote, neno lako nitalisikiliza kuliko la mtu mwingine yeyote.

Kwa upande wangu, ninachoweza kuchangia ni kazi za mkono: matundu ya vifungo, kutarizi, na kutia viraka visivyoonekana. Anayetaka kujifunza aseme, nitarekodi video fupi na kuiweka humu. Mara nyingi napatikana baada ya saa 2 usiku. Maswali yoyote niulizeni hapa hapa kwenye kundi, ili na wengine wasome majibu.

Picha za mchoro zinafuata sasa hivi. Za suruali ikiwa imevaliwa nitatuma pia, ila kuanzia kiunoni kwenda chini. Kaka ameridhia hivyo, na ameomba zisisambazwe nje ya kundi hili.

Kitambaa nakwenda kununua Jumamosi asubuhi, kwa hiyo mwenye ushauri kuhusu uzito wa jinzi anisaidie kabla ya hapo. Nashukuru sana.