Juma na Neema wanapiga hesabu ya akaunti T: akiba ya lazima ikishuka toka 10% hadi 8%

Neema: Haya Juma chora hiyo T kwanza, kabla hatujagusa asilimia yoyote. Swali linasema benki A ina amana milioni 200, mtaji milioni 20, akiba benki kuu 20, mikopo 150, hatifungani za serikali 50.

Juma: Nachora hivi, kushoto mali kulia madeni na mtaji

```
         BENKI A (milioni)
Mali                | Madeni na mtaji
Akiba           20  | Amana       200
Mikopo         150  | Mtaji        20
Hatifungani     50  |
Jumla          220  | Jumla       220
```

Neema: Imebalansi. Kiwango cha lazima, yaani sehemu ya amana ambayo benki lazima iiweke akiba, ni asilimia 10, 10% ya 200 ni 20, na akiba iliyopo ni 20 hiyo hiyo, kwa hiyo benki imebanwa kabisa, haina hata senti ya kukopesha.

Juma: Sasa benki kuu inashusha iwe 8. Hapa si ndo benki inapata milioni 4 mpya, akiba inakuwa 24?

Neema: Hapana hapana, usiguse hiyo 20. Hakuna aliyeleta hela. Siku tangazo linatoka hiyo T inabaki vilevile, mstari kwa mstari, jumla 220 kwa 220. Kinachobadilika ni namna unavyoigawa ile 20 ndani yake, jana yote ilikuwa ya lazima, leo 8% ya 200 ni 16 ndo ya lazima na 4 iliyobaki ni ya ziada.

Juma: Aaa kwa hiyo ni 20 ileile ila 4 imefunguliwa.

Neema: Ndo hivyo. Na mimi naona hapa ndo penyewe, watu wanakimbilia kizidishi, yaani 1 gawa kwa kiwango cha lazima, wakati hawajaona kwamba jumla ya akiba haijasogea. Benki kuu ikinunua hatifungani hapo sawa akiba inaongezeka kweli, ila kushusha kiwango ni kitu kingine.

Juma: Poa. Kizidishi ni 1 gawa kwa 0.08, sawa na 12.5. Mara 4 unapata 50. Basi benki A inakopesha 50.

Neema: Ijaribu kwenye T uone. Ikikopesha 50 leo inamwandikia mteja amana ya 50, mikopo inakuwa 200, amana 250, akiba 20, na 8% ya 250 ni 20, mpaka hapo inaonekana safi kabisa.

Juma: Si ndo nasema!

Neema: Subiri sasa. Mtu hakopi ili hela ikae, anakopa alipe, na anaowalipa wana akaunti benki zingine. Zile 50 zikiondoka zote akiba inatoka 20 inakuwa...

Juma: Hasi 30. Duh. Haiwezekani.

Neema: Haiwezekani. Kwa hiyo benki moja peke yake inakopesha kiasi cha akiba yake ya ziada tu, yaani 4. Chora hatua mbili, kabla mteja hajalipa na baada.

Juma: Kabla hajalipa: akiba 20, mikopo 154, hatifungani 50, jumla 224, upande wa pili amana 204 na mtaji 20. Baada ya kulipa akiba 16, mikopo 154, hatifungani 50, jumla 220, amana zimerudi 200. Na 16 ni 8% ya 200 kamili, imegota palepale inapotakiwa. Eeh hii imekaa vizuri!

Neema: Unaona ilivyokuwa, benki imebadilisha tu mali moja kwa nyingine, akiba 4 imetoka mikopo 4 imeingia, na mikopo ina riba. Ndo maana benki zinafurahi kiwango kikishushwa, kwa sababu akiba kule benki kuu mara nyingi inalipwa kidogo au hailipwi kabisa.

Juma: Sasa ile 50 inatoka wapi, maana swali c linauliza mfumo mzima.

Neema: Fuata hela ilikoenda. Benki B imepokea amana 4 na akiba 4, inaweka 8% yaani 0.32, inakopesha 3.68. Hiyo inatua benki C, inabakiza 0.2944, inakopesha 3.3856. Kila mzunguko unazidisha kwa 0.92.

Juma: 4 + 3.68 + 3.3856 na kuendelea, ni mfululizo, 4 gawa kwa (1 − 0.92), 50. Kwa hiyo 50 ni ya benki zote kwa pamoja wala siyo ya A.

Neema: Ndiyo. Ihakiki kwa njia nyingine, chukulia hiyo T ni ya mfumo mzima. Akiba 20 haina pa kutokea, inahama tu benki hadi benki, na 20 gawa kwa 0.08 ni amana 250. Zilikuwa 200, zimeongezeka 50. Mikopo 200, jumla 270 kwa 270.

Juma: Ila mbona kuna mtu darasani alipata 40?

Neema: Katumia kizidishi cha zamani, 10. Kiwango kikishuka vitu viwili vinatokea kwa wakati mmoja, akiba ya ziada inatokea NA kizidishi chenyewe kinakua toka 10 hadi 12.5, lazima utumie kipya.

Juma: Sawa. Lakini hili la 50 linanisumbua kidogo, kwani benki lazima zikopeshe?

Neema: Hazilazimishwi, 50 ni dari tu. Watu wakiweka noti nyumbani mnyororo unavuja, benki ikiogopa wakopaji wabovu inakaa na akiba ya ziada. Fikiria Marekani, Machi 2020 benki kuu yao iliweka kiwango sifuri kabisa, na ukigawa 1 kwa sifuri hupati jibu, lakini benki za kule hazikukopesha bila mwisho.

Juma: Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachobana.

Neema: Mtaji, na swali d ndo linaulizia hapo. Wanataka mtaji usipungue 10.5% ya mali zikipimwa kwa uzito wa hatari, ambayo ni ile 8 ya kanuni za kimataifa za Baseli ukiongeza 2.5 ya kinga. Mikopo uzito 100%, hatifungani za serikali na akiba uzito sifuri.

Juma: Bado tunatumia T ya mfumo mzima eti? Mtaji 20, mikopo ikifika 200 ni 10%. Iko chini ya 10.5!

Neema: Sasa tafuta mwisho ni wapi.

Juma: 20 gawa kwa 0.105 ni 190.48. Toa 150, mikopo mipya ni 40.48, siyo 50.

Neema: Malizia na upande wa akiba, amana zinakuwa ngapi?

Juma: 240.48. 8% yake ni 19.24, akiba ni 20, inabaki 0.76 ya ziada ambayo akiba ya lazima inairuhusu kukopeshwa ila mtaji unaikatalia.

Neema: Andika hivyohivyo, na uchore hiyo T ya mwisho, jumla 260.48 pande zote.