Maelezo ya uharibifu wa mafuriko: vyumba, alama za maji na mali za kaya ya Mama Ambakisye, bonde la Mto Kiwira, Kyela

29 Aprili

Kwa: Mwenyekiti,
Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Kijiji

Kupitia: Mwenyekiti wa Kitongoji

YAH: MAELEZO YA MAANDISHI BADALA YA PICHA ZILIZOPOTEA

Ndugu Mwenyekiti, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Maelezo haya yameambatanishwa na fomu ya maombi ya msaada niliyoijaza mbele ya Mtendaji wa Kijiji. Jina langu kamili na namba ya kitambulisho cha taifa vimo kwenye fomu hiyo. Hapa nimetumia jina ninaloitwa kitongojini.

Fomu inadai picha za uharibifu. Picha zilipigwa. Asubuhi ya tarehe 17 Aprili, maji yakiwa bado yananifika magotini sebuleni, mwanangu alipiga kila chumba kwa simu yake. Simu ilikuwa imeingia maji usiku huo, ikazima kabla hajamtumia mtu mwingine. Fundi alipoiflashi ili iwake, kila kilichokuwemo kilifutika. Chache alizoweka stetasi ya WhatsApp zilikuwa zimeshapotea, maana stetasi hudumu saa 24 tu. Kwa hiyo nimeandika kila chumba kilivyo, nikitegemea kuta zenyewe, vitu vilivyobaki na watu walioona. Kinachoonekana mpaka leo nimesema kinaonekana. Kilichokwisha kutupwa nimesema nani alikiona kabla hakijatupwa. Nisipokuwa na hakika ya kipimo sikuandika kipimo.

Maji yalivyoingia

Usiku wa kuamkia tarehe 17 hapa kwetu bondeni ilinyesha manyunyu tu. Mvua kubwa ilikuwa juu, Rungwe, na sisi wa Kyela tunajua maji ya huko hutufikia usiku tukiwa tumelala. Mto ulivuka kingo, maji yakaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma karibu saa nane usiku. Saa kumi alfajiri ndipo yalipofika juu kabisa. Hatukukaa kuyatazama, tuliwabeba wajukuu hadi shuleni kwenye mwinuko, na mwalimu wa zamu ndiye aliyetufungulia darasa. Maji yalianza kushuka asubuhi, sakafu ya sebule ikaonekana jioni ya tarehe 18. Chumba cha nyuma kilibaki na dimbwi siku iliyofuata pia.

Alama za ukutani

Naomba kamati isome sehemu hii kwa makini, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito ambao picha zingebeba.

Kuta zina mistari miwili ya tope. Wa juu ni mwembamba, rangi ya chai ya maziwa. Huo ndio upeo wa maji. Wa chini ni mpana na mweusi zaidi, maana maji yalikaa hapo muda mrefu kabla ya kuisha. Juu ya mistari yote miwili sasa kuna unyevu unaopanda kwenye lipu, na sehemu nyingine umetoa chumvi nyeupe. Unyevu huo haukupimwa, kwa sababu lipu hunyonya maji na kuyapandisha zaidi ya pale mafuriko yalipofika. Kilichopimwa ni ukingo wa juu wa tope, kuanzia sakafuni, kwa tepu ya fundi mwashi wa kitongoji, Mwenyekiti wa Kitongoji akiwa amesimama pale pale.

Sebuleni alama iko sentimita 74. Chumba changu cha mbele, ambacho sakafu yake ni moja na sebule, ni 74 pia, isipokuwa ukuta unaotazama mlango, wenye 76. Nadhani maji yalipiga pale kwa nguvu mlango ulipofunguka. Chumba cha nyuma wanamolala wajukuu ni 86, na stoo iliyo ubavuni mwake ni 86. Jiko la nje ni 105.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini vipimo vinatofautiana wakati maji ni yale yale. Ni sakafu zinazotofautiana. Kutoka sebuleni kwenda chumba cha nyuma unashuka ngazi moja ya sentimita 12, na jiko liko chini ya sebule kwa sentimita 31. Fundi alihakikisha kwa mpira mwembamba wa maji, ule wanaotumia kupata usawa wa msingi, na alama zote zilikuwa kwenye usawa mmoja. Nyumba ya jirani yangu wa upande wa mto ina mstari huo huo, naye yuko tayari kuonyesha.

Kuna ushahidi mwingine ambao sijaugusa. Kalenda ya kanisa ipo sebuleni kwenye msumari wake ule ule. Karatasi ya Aprili imekuwa kahawia kuanzia chini hadi katikati ya mstari wenye tarehe 13 hadi 19, juu yake ni nyeupe. Ukipima kutoka sakafuni hadi pale rangi inapobadilika, unapata 74. Naomba isiondolewe mpaka mtakapoiona.

Sebule

Makochi mawili ya mbao na mito yake: mbao zimevimba na kuachana kwenye maungio, mito imetupwa baada ya kuoza. Balozi aliiona tarehe 20. Meza imepona. Betri ya sola ilikuwa sakafuni, haiwaki tena, nimeihifadhi. Paneli iko juu ya bati, nzima. Redio ilikuwa juu ya kabati, imepona.

Chumba cha mbele

Kitanda cha mninga kimesimama, hakina tatizo. Godoro la 5 kwa 6, inchi 8, lilielea kisha likalowa na kujaa tope. Lipo nje nyuma ya choo, linanuka, lakini sijalichoma ili lionekane. Nililinunua mwaka 2022 kwa shilingi 185,000, na risiti imeambatanishwa, ingawa wino umefifia. Bei zote ninazoandika ni zile nilizonunulia, sikuweka bei za dukani za leo.

Cherehani ya miguu, niliyoinunua imetumika mwaka 2019 kwa shilingi 280,000. Hii ndiyo kazi yangu. Kichwa chake hakikuzama, kwa sababu meza yake inafika sentimita 77. Ila mkanda, gurudumu na kanyagio vilikaa ndani ya maji ya tope, na gurudumu limeshika kutu haligeuki. Fundi cherehani ameandika makadirio ya kutengeneza, shilingi 65,000, na karatasi yake imo. Kwa hiyo siombi cherehani mpya, naomba matengenezo. Vitambaa vya wateja vilivyokuwa kwenye kikapu chini ya meza vimeharibika. Wenyewe ni wanne na kila mmoja ameshakuja kuona chake. Vitenge viwili vilifulika, vingine havikusafika.

Chumba cha nyuma

Hiki ndicho kilichoumia kuliko vyote. Kiliongezwa baadaye kwa matofali mabichi, wakati nyumba nyingine yote ni ya matofali ya kuchoma. Ukuta wa kaskazini umelika chini kwa urefu wa mita 1.6 na tofali za mstari wa kwanza na wa pili zimegeuka udongo. Ufa unaanzia kona ya dirisha hadi chini, na kidole changu kinaingia. Nje ya kona hiyo maji yamechimba shimo la sentimita 40 pembeni ya msingi. Tumeegemeza ukuta kwa milunda mitatu na hakuna anayelala humo.

Vilivyoharibika: godoro la 4 kwa 6, blanketi mbili, sare za shule za wajukuu wawili, na madaftari yao yote. Vitabu vya shule vilikuwa vitatu, mwalimu ameviandika kwenye orodha yake. Cheti cha kuzaliwa cha mjukuu mkubwa kililowa, namba inasomeka lakini jina limefutika nusu. Naomba barua ya kijiji ya kunisaidia kupata kingine RITA, maana bila cheti hicho atapata shida ya usajili mbele ya safari.

Stoo

Kulikuwa na magunia 4 ya mpunga, chakula cha kaya hadi mavuno mapya. Yalikuwa yamepangwa mawili chini, mawili juu, juu ya vichanja vya mbao. Maji ya sentimita 86 yaliyafunika yote. Tuliyaanika tarehe 19 na 20 lakini jua halikuwa la kutosha, yakaota. Mawili walipewa bata. Mawili yapo uani: ukichana gunia utaona mizizi myeupe imeshonana na nyuzi, haiwezekani hata kuyamwaga. Mashineni walikataa kukoboa, na mwenye mashine amekubali kuwa shahidi.

Kiroba kimoja cha kakao kavu nacho kiliingia maji na kuota ukungu. Sikuwa nimekipima, kwa hiyo siandiki kilo. Mbegu ya mpunga ya msimu ujao ilikuwa imening'inizwa darini, imepona.

Jiko, choo na uani

Jiko ni la miti na udongo. Upande mmoja umeanguka, mafiga yamesombwa. Sufuria zilipatikana zote isipokuwa moja. Choo: shimo lilijaa na sakafu yake imetitia upande wa mlango, tunatumia cha jirani. Hili naliona la haraka kuliko makochi na godoro, kwa sababu kisima cha kaya tano kiko hatua chache kutoka hapo, na tumekubaliana kutochota humo mpaka bwana afya apite. Kuku walikuwa 11, waliokufa ni 7, tukawafukia siku ile ile mbele ya balozi.

Bati, milango ya mbele na madirisha havikudhurika, na siviombei chochote.

Ombi

Kwa mpangilio wa uhitaji: chakula hadi mavuno, ukarabati wa ukuta wa kaskazini na choo, magodoro mawili, matengenezo ya cherehani, na vifaa vya shule vya watoto wawili.

Naomba pia ukaguzi ufanyike kabla ya Jumatatu ijayo. Fundi amesema milunda haitahimili mvua nyingine kubwa, na akianza kubomoa ukuta huo, alama ya 86 inaondoka pamoja nao. Hadi siku hiyo hatutaosha kuta wala kupaka chokaa. Mchoro wa nyumba wenye vipimo vyote uko nyuma ya karatasi ya mwisho, nimeuchora kwa mkono na fundi ameukagua. Kama mjumbe atakuja na simu yenye kamera, namwomba apige picha upya, tepu ikiwa imeshikwa ukutani ili namba isomeke.

Mashahidi waliosoma maelezo haya na kuweka sahihi kwenye nakala ya kijiji: Mwenyekiti wa Kitongoji, balozi, fundi mwashi, na jirani yangu wa upande wa mto. Mwalimu wa zamu na mwenye mashine watafika wakiitwa. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa nane mchana, na asubuhi mtanikuta shuleni tulikohifadhiwa.

Wako mtiifu,
Mama Ambakisye
Mkuu wa kaya (watu 5)