Wito, Hofu na Mali: Nadharia ya Max Weber kuhusu Ukalvini Mbele ya Ushahidi wa Baadaye

Ikisiri

Mwaka 1904 na 1905 mwanasosholojia Mjerumani Max Weber alidai kwamba fundisho la Kalvini la kuchaguliwa tangu asili lilizaa tabia zilizoulea ubepari wa kisasa. Makala hii inaligawa dai hilo katika pingili tatu: kutoka fundisho hadi hofu, kutoka hofu hadi nidhamu ya kazi, na kutoka nidhamu hadi mali. Ninaonyesha kwamba ushahidi unaotajwa mara nyingi umepima pingili ya tatu, tena kwa Walutheri kuliko Wakalvini. Pingili hiyo imevunjika. Ya pili ingali na nguvu, na ya kwanza ndiyo inayodai kazi zaidi.

Dai lenyewe

Weber hakufundisha kwamba Waprotestanti wanapenda fedha kuliko wengine. Tamaa ya mali aliiona kila mahali na kila zama. Kilichomshughulisha ni mtu wa namna ya pekee: anachuma, hali alichochuma, anakirudisha kwenye biashara, na kupoteza saa moja anakuona ni dhambi.

Mtu huyo alitoka wapi? Weber anaanza na neno. Luther alipotafsiri Yoshua bin Sira 11:20 aliandika *Beruf*, neno lililobeba mwito wa Mungu, akalitumia kwa kazi ya kawaida ya mkono. Msomaji wa Kiswahili analielewa jambo hili upesi, kwa sababu nasi tunasema ualimu ni wito, uuguzi ni wito, na neno ni lile lile la mchungaji anayeingia chuo cha theolojia.

Kalvini akaongeza uzito. Kwa mujibu wa Ungamo la Westminster la 1647, tamko la imani la wafuasi wake wa Uingereza ambalo Weber analinukuu kwa urefu, Mungu ameshaamua nani ataokoka, na hakuna tendo la mwanadamu linaloweza kuibadili hukumu hiyo. Mwumini anabaki peke yake na swali moja: je, mimi nimo? Wachungaji walimshauri ajihesabu kuwa mteule na afanye kazi bila kuchoka. Kazi haikununua wokovu, ila iliondoa mashaka. Hapo hofu ikawa nidhamu.

Hoja hii ni nzuri mno, na ndiyo maana inastahili kupimwa kwa ukali. Shahidi mkuu wa Weber katika hatua hii ni Richard Baxter, mchungaji wa Kidderminster, ambaye msimamo wake juu ya kuchaguliwa ulikuwa laini kuliko wa Westminster. Zaidi ya hapo, miongozo ya wachungaji inatuambia waumini waliambiwa nini. Walichokihisi usiku wakiwa peke yao ni habari nyingine.

Safu isiyotimia mia

Weber alifungua kazi yake kwa takwimu za Baden, jimbo la kusini mwa Ujerumani, zilizokusanywa na mwanafunzi wake, Martin Offenbacher: Waprotestanti walikuwa wengi kuliko Wakatoliki katika shule za sayansi na biashara. Kurt Samuelsson, mwanahistoria wa uchumi kutoka Uswidi, alizirudia hesabu hizo mwaka 1957. Katika mstari wa shule za Realgymnasium alikuta Waprotestanti asilimia 69, Wakatoliki 31, Wayahudi 9. Jumlisha: 109. Tarakimu sahihi ya Waprotestanti ilikuwa 59. Samuelsson akaonyesha pia kwamba shule hizo zilijengwa zaidi katika wilaya zenye Waprotestanti wengi, kwa hiyo tofauti kubwa ilitokana na makazi.

Kosa la uchapaji haliangushi nadharia. Lakini jedwali hilo lilinukuliwa kwa nusu karne, na ninawasihi wanafunzi wenzangu wa sosholojia ya dini tujumlishe safu kabla ya kuzijengea hoja.

Prussia: daftari au kusoma?

Mtihani mkubwa zaidi ulifanywa na Sascha Becker na Ludger Woessmann mwaka 2009. Walitumia takwimu za wilaya 452 za Prussia za karne ya 19. Tatizo la kila utafiti wa aina hii ni kwamba pengine maeneo yaliyokuwa tayari yameendelea ndiyo yaliyoupokea Uprotestanti. Ili kulikwepa walitumia umbali kutoka Wittenberg, kwa kuwa Matengenezo yalisambaa kama mawimbi kutoka mji huo. Matokeo: wilaya za Waprotestanti zilikuwa na hali bora ya uchumi, lakini zilikuwa pia na watu wengi zaidi wanaojua kusoma, na tofauti ya kusoma ilitosha kueleza karibu pengo lote. Luther alitaka kila mwumini asome Biblia mwenyewe, na mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji akiwahimiza wafungue shule. Aliyesomea Zaburi aliweza kesho yake kusoma hati ya mkopo.

Davide Cantoni (2015) alikwenda mbali zaidi nyuma. Alifuatilia miji 272 ya nchi zinazozungumza Kijerumani kuanzia 1300 hadi 1900, na hakuona kwamba miji ya Waprotestanti ilikua upesi kuliko ya Wakatoliki.

Wengi husimama hapa na kutangaza kwamba Weber amekwisha. Mimi sikubali. Kanisa la Prussia liliunganisha Walutheri na Wakalvini kwa amri ya mfalme mwaka 1817, na Walutheri walikuwa wengi mno. Anayehesabu "Waprotestanti" wa huko anapima hasa watoto wa Luther, ambaye Weber mwenyewe alimwona wa kimapokeo katika mambo ya uchumi. Dai la hofu ya kuchaguliwa halikuingizwa kwenye chumba cha mtihani.

Walikokuwa Wakalvini

Uskoti ilikuwa ya Kalvini tangu 1560, ikabaki maskini kwa zaidi ya karne moja baadaye. Amsterdam ilitajirika, lakini baada ya Antwerp kuanguka mwaka 1585 ilipokea wafanyabiashara na mitaji yao, na ujuzi wao ulikuwa umekomaa katika mji wa Kikatoliki. Hata hesabu za pande mbili zilichapwa na Luca Pacioli, mtawa Mfransisko, huko Venisi mwaka 1494. Kwa ushahidi huu, safari ya kutoka nidhamu hadi utajiri wa nchi haikuhitaji Kalvini, wala Kalvini hakuihakikisha.

Pingili ya pili ni habari tofauti. Christoph Basten na Frank Betz (2013) walilinganisha vijiji vya mpakani kati ya Vaud na Fribourg, Uswisi. Bern iliiteka Vaud mwaka 1536 na kuilazimisha Matengenezo, Fribourg ikabaki ya Kikatoliki. Lugha ni moja, milima ni ile ile. Katika kura za maoni za siku zetu, upande wa Kalvini unaunga mkono kwa uchache zaidi kuongeza muda wa mapumziko na kugawana mapato kupitia serikali. Jörg Spenkuch (2017) naye alionyesha kwamba Waprotestanti wa Ujerumani ya leo hufanya kazi saa nyingi kuliko Wakatoliki. Kipato chao cha juu kinatokana na saa hizo, kwa kuwa malipo ya saa hayatofautiani kwa maana yoyote.

Hiyo ndiyo sura ya mtu aliyemshughulisha Weber: anayekaa kazini baada ya wengine kuondoka. Hata hivyo, majirani wa Vaud hawatuambii kama chanzo ni hofu ya hukumu, mafundisho ya shuleni, au mabaraza ya wazee wa kanisa yaliyowaita walevi na wavivu kujieleza mbele ya usharika. Ninashawishika zaidi na mabaraza. Mtu anaweza kuisahau milele kwa wiki nzima. Mzee wa kanisa anayeishi nyumba ya tatu hasahauliki. Madaftari ya vikao hivyo yamehifadhiwa Geneva na Uskoti, na ndani yake ndimo pingili ya kwanza inapoweza kupimwa, usharika kwa usharika, kwa kuangalia kama mahali palipokuwa na mahubiri yale yale lakini mabaraza dhaifu tabia za kazi zilibadilika vilevile.