Kabla hujatoa hela: orodha ya kukagua Samsung A52 iliyotumika

Neema mdogo wangu, hii ndiyo orodha niliyokuahidi. Simu ni Galaxy A52, jamaa anataka laki tatu na arobaini, mnakutana Makumbusho Jumamosi saa nne asubuhi. Nimeipanga kwa makusudi: vitu vya kukufanya uondoke vimetangulia, vya kukushushia bei vinafuata. Usiruke ruke. Ukaguzi wote ni kama dakika arobaini, na muuzaji akianza kusema ana haraka, basi haraka ni yake, hela ni yako.

Vya kubeba

☐ Laini yako yenye vocha na bando, pamoja na pini ya kutolea kitrei cha laini.
☐ Chaja ya shemeji yako, ile ya wati 25, na waya wake. Usitumie chaja ya muuzaji.
☐ Hedifoni za waya. A52 ina tundu la hedifoni, lazima tulijaribu.
☐ Memori kadi yoyote, hata ile ndogo ya miziki ya mama.
☐ Karatasi nyeupe na kitambaa laini.
☐ Simu yako ikiwa na chaji ya kutosha. Ndiyo itakayopiga, kupokea na kurusha intaneti.

Kaeni sehemu yenye meza na soketi ya umeme, mgahawa unatosha. Usikubali kukagulia kwenye gari lake wala kusimama barazani na jua linapiga kioo.

Kwanza: ndiyo yenyewe?

☐ Mwambie atoe kava na abandue protekta. Protekta iliyopasuka mara nyingi inaficha ufa wa kioo chenyewe. Akikataa kubandua, jua kuna kitu.

☐ Piga `*#06#`. Zitatokea IMEI mbili kwa sababu simu ni ya laini mbili, kila moja tarakimu 15. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi kama analo. Zikitofautiana, boksi si la simu hii.

☐ Tuma IMEI ya kwanza kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu litakuambia aina ya simu. Likitaja simu nyingine kabisa, au likasema haitambuliki, funga mkoba. TCRA walizima simu bandia tangu Juni 2016 na namba hiyo ndiyo ya kujiridhishia.

☐ Ingia Settings, kisha About phone. A52 ya 4G inaandikwa SM-A525F. Hifadhi yake ni GB 128 au 256 tu. Ikijidai ina 512, hiyo imechakachuliwa.

☐ Piga `*#0*#`. Ukurasa wa vitufe vya majaribio ufunguke: RED, GREEN, BLUE, TOUCH, SENSOR na vingine. Tutautumia sana. Simu za kopi zinazoigiza Samsung kwa kawaida haziufungui.

Kioo. Hapa ndipo hela inapopotelea

Nisikilize vizuri. Kioo cha A52 kilichotoka kiwandani ni AMOLED, na bei yake dukani inaumiza. Kwa hiyo simu ikivunjika kioo, wengi wanaweka cha kopi cha LCD, kinawaka vizuri tu, halafu inauzwa kama haijawahi kuguswa. Kwenye meza yangu huku Mbeya nafungua simu za namna hiyo kila wiki, na mwenye simu ndiye wa mwisho kujua. Majaribio haya matatu yanakuonyesha bila kufungua skrubu hata moja.

☐ Weusi. Fungua picha nyeusi tupu (piga picha meza ukiwa umeziba kamera kwa kidole), pandisha mwanga hadi mwisho, kisha ifunike simu kwa khanga na uchungulie ndani. AMOLED sehemu nyeusi inazima kabisa, huoni hata mpaka wa kioo. LCD inatoa ukungu wa kijivu au bluu, kwa sababu taa ya nyuma haizimi.

☐ Alama ya kidole. Kwenye A52 kisomaji kipo chini ya kioo na kinasoma kwa mwanga unaopita katikati ya kioo. LCD ya kopi haipitishi. Sajili kidole chako, zima kioo, fungua mara tano. Akikuambia "hiyo ya kidole iliharibika na apdeti", mimi nakuambia ni kioo kimebadilishwa. Usiponunua, futa kidole chako kabla ya kuondoka.

☐ Kingo. Itazame simu kwa ubavu. Kioo kiwe sawasawa na fremu, kisinyanyuke pembeni, gundi isionekane. Ukingo mweusi wa chini ukiwa mnene kuliko kawaida, au kioo kikibonyea na kutoa mlio, kimewekwa mtaani.

Kioo kubadilishwa si dhambi, ila bei ya laki tatu na arobaini ni ya simu yenye kioo chake. Kikiwa LCD, mimi nisingetoa zaidi ya laki mbili, na hata hiyo ningeifikiria.

Kikiwa chenyewe, endelea:

☐ Kwenye `*#0*#` bonyeza RED, GREEN, BLUE kimoja kimoja. Tafuta mistari, madoa, na nukta zisizobadilika rangi. Mstari wa kijani hata mmoja mwembamba, kataa. Haupungui, unaongezeka.

☐ Fungua ukurasa mweupe, tuliza macho. AMOLED ya zamani huacha kivuli: utaona kama kibodi au vitufe vya chini vimechorwa hafifu. Kivuli hafifu ni cha kushushia bei. Kikikusumbua macho, achana nayo.

☐ Bonyeza TOUCH, pitisha kidole kwenye viboksi vyote, pembeni na vile vya mshazari. Kila kimoja kigeuke rangi. Kimoja kikigoma tachi imekufa hapo, na kwa kawaida ni pale pale utakapohitaji kubonyeza herufi. Kisha fungua ramani, vuta kwa vidole viwili, na uiache simu mezani dakika moja bila kuigusa. Ikijibonyeza yenyewe, kataa.

Maji na kufunguliwa

☐ Toa kitrei cha laini, mulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu yako. Kuna kistika kidogo. Kikiwa cheupe ni salama, kikiwa chekundu au cha waridi simu imekunywa maji. A52 ilitoka na kinga ya maji ya IP67, lakini kinga hiyo inaisha siku simu inapofunguliwa, kwa hiyo usiijaribu kwenye glasi ya maji kama wanavyofanya mitandaoni.
☐ Angalia vioo vya kamera kwa ndani kama kuna ukungu au tone.
☐ Pitisha ukucha kati ya mgongo na fremu, kuzunguka kote. Mgongo ni wa plastiki. Pengo, au mikwaruzo ya kufungulia, inaonyesha fundi amepita. Mgongo uliotuna ni betri inavimba. Hapo usimalize orodha, mwage.

Betri na chaji

Andika asilimia ya betri mwanzoni kabisa mnapokaa. Usikubali simu iliyozimika "itawaka nikichaji".

☐ Chomeka chaja yako. Kwa wati 25 iandike Super fast charging. Ikiandika chaji ya kawaida, jaribu waya mwingine kabla ya kulaumu simu.
☐ Tikisa pini ya chaji taratibu. Ikikatika na kurudi, tundu limechoka. Kwanza angalia kama limejaa vumbi la mfukoni, maana hilo linatoka kwa dakika mbili.
☐ Ichomoe, rekodi video ya 4K dakika tano mfululizo, mwanga wa kioo ukiwa juu. Kupungua asilimia mbili au tatu hakunitishi. Ikishuka saba au kumi, au ikiruka ghafla kutoka 40 hadi 31, betri imekwisha; ondoa gharama ya betri kwenye bei. Simu kupata uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuishika, si kawaida.

Sauti na mtandao

☐ Weka laini yako tundu la kwanza, nipigie. Mimi nitakuambia kama nakusikia. Tuongee dakika moja sikioni, kisha loudspika. Ukiweka simu sikioni kioo kizime, ukiitoa kiwake.
☐ Hamishia laini tundu la pili, nipigie tena. Watu wengi hujaribu tundu moja tu. Tundu la pili ndilo pia la memori kadi, kwa hiyo ukimaliza weka kadi uone kama inasomeka.
☐ 4G ionekane, na ukurasa ufunguke kwa bando bila Wi-Fi.
☐ Washa hotspot kwenye simu yako, unganisha A52, tembea hatua kumi na tano. Ikikatika karibu karibu, antena ya Wi-Fi ina shida.
☐ Piga muziki. A52 inatoa sauti chini na kwenye spika ya sikioni. Ziba ya chini kwa kidole, ya juu iendelee kulia.
☐ Rekodi ujumbe wa sauti, kisha rekodi video ukiongea, sikiliza zote mbili. Maiki zipo zaidi ya moja, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki nzima.
☐ Hedifoni, masikio yote mawili. Bluetooth, mtetemo, vitufe vya sauti na cha kuwasha. Haraka haraka tu.
☐ GPS: toka nje, fungua ramani, nukta ikae ulipo.

Kamera

☐ Piga karatasi nyeupe kwa kamera kuu na ile pana. Madoa yanayobaki mahali pamoja ni vumbi au kioo kibovu.
☐ Kamera kuu: lenga kidole kwa karibu, kisha jengo la mbali. Picha ijiweke wazi yenyewe bila ukungu. Ikitetemeka au ukasikia mlio wa zzz, kitulizaji cha picha kimeharibika, na hiyo inatokana na kuangushwa.
☐ Selfi, na flashi. Basi.

Mwisho, kabla ya hela

☐ Mwambie atoe akaunti yake ya Google mwenyewe, kisha aifute simu kupitia Settings mbele yako. Iwashe upya, iunganishe na intaneti, ifike hadi ukurasa wa mwanzo. Ikidai barua pepe ya mtu, imefungwa. Ikitokea ujumbe wa deni, ni simu ya mkopo haijaisha kulipwa. Itazimwa siku yoyote, na wewe ndiye utakayebaki nayo.
☐ Piga `*#06#` mara nyingine, hakikisha ni simu ile ile. Kubadilishana chini ya meza kupo.
☐ Muandikiane: IMEI zote mbili, bei, tarehe, jina lake na namba ya kitambulisho cha NIDA, sahihi. Piga picha karatasi.
☐ Lipa kwa simu, kwa namba yenye jina linalofanana na kitambulisho.

Kwa kivuli kidogo cha kioo au pini ya chaji kuchoka, anzia laki mbili na themanini. Nitakuwa dukani kuanzia saa tatu, nitaiweka simu karibu.