Barua ya ajira ya nafasi ya karani wa hesabu: makato ya benki na kiwango cha kubadilishia mshahara

Bi. Rehema, habari za kazi.

Nashukuru kwa barua ya ajira ambayo ofisi yenu ya uwakala wa ajira ilinitumia Jumatatu. Majukumu, saa za kazi na likizo nimeviafiki, sina la kuongeza hapo. Kilichobaki ni kifungu cha 6, kinachosema hivi: "Mshahara ni euro 1,200 kwa mwezi, utalipwa kwa dola za Marekani kwa kiwango cha siku, kila baada ya wiki mbili, baada ya kuondoa gharama za kushughulikia malipo." Sentensi ni moja, lakini ndani yake mna mambo manne ambayo kila moja linaweza kupunguza fedha kabla hazijanifikia. Naomba tuyaweke wazi kabla sijatia sahihi. Mengine najua huna mamlaka nayo, hivyo ukiona inafaa, mpelekee barua hii mtu wa malipo kama ilivyo.

Nianze na kiwango cha kubadilishia, maana ndiko fedha nyingi zinakopotelea bila kuonekana kwenye karatasi yoyote. Ada ya benki huandikwa, na mtu akiiona atauliza. Tofauti ya kiwango haiandikwi popote. Benki inanunua na kuuza fedha kwa bei mbili, na kati yake kuna bei ya katikati ya soko. Anayebadilishiwa hupewa bei iliyo pembeni mwa hiyo ya katikati, na pengo hilo ndilo faida ya benki. Kwenye mkataba huu mshahara wangu utabadilishwa mara mbili: euro kwenda dola upande wenu, kisha dola kwenda shilingi upande wangu. Pengo nalilipia mara mbili.

Tazama hesabu hii. Viwango na ada nimevikadiria ili tuuone mwenendo tu. Tuseme bei ya katikati ni dola 1.10 kwa euro moja. Euro 1,200 ni dola 1,320. Benki inayobadilisha upande wenu ikijiwekea asilimia 2, zinatoka dola 1,293.60. Benki ya njiani ikikata 25 na benki yangu ikikata 10 ya kupokea, zinabaki 1,258.60. Benki yangu nayo ikinunua dola hizo kwa bei iliyo asilimia 2.5 chini ya bei ya katikati, nitakachoshika ni sawa na dola 1,227.14. Zimepotea dola 92.86, yaani asilimia 7 ya mshahara, na hapo hakuna aliyekosea wala kuchelewa. Zaidi ya nusu ya upotevu huo umetokana na viwango, ambavyo kwenye hati ya mshahara havingeonekana kama makato.

Kwa hiyo, maneno "kiwango cha siku" yanamaanisha siku ipi, na kiwango cha nani? Inaweza kuwa siku ya kufunga hesabu ya mishahara, siku ya kuidhinisha, siku ya kutuma au siku ya kupokea. Kati ya ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupita siku tano za kazi. Napendekeza tutumie kiwango rejea cha Benki Kuu ya Ulaya cha siku ya kutuma. Hutangazwa kila siku ya kazi, kama saa kumi jioni kwa saa za Ulaya ya Kati, na mtu yeyote anaweza kukisoma. Siku kisipotangazwa, kitumike cha siku ya kazi iliyotangulia. Natambua hicho ni kiwango cha rejea na hakuna benki inayolazimika kuuza kwa bei hiyo. Kama kampuni haiwezi kukifuata kamili, basi mkataba utaje pengo la juu kabisa linaloruhusiwa, kwa mfano asilimia 1 chini yake. Kilichoandikwa hivyo nitaweza kukikagua mwenyewe kila mwezi bila kukusumbua.

Ipo njia nyepesi zaidi, na ndiyo ningeitaka: mshahara umepangwa kwa euro, basi utumwe kwa euro. Akaunti ya dola ninayo, na ya euro naweza kuifungua kabla ya malipo ya kwanza. Badiliko moja litakuwa limeondoka kabisa, na hilo la pili nitachagua mwenyewe siku na mahali pa kulifanya. Je, kuna sababu ya msingi ya kupitia dola, au ni mazoea ya mfumo wa malipo tu? Na ikibaki dola, naomba uhakika kwamba anayetuma hataruhusu mfumo ubadilishe fedha ziwe shilingi kabla hazijaondoka. Baadhi ya mifumo huonyesha chaguo hilo kama huduma nzuri kwa mpokeaji, kumbe kiwango chake mara nyingi huwa kibaya.

La pili ni nani anabeba ada za njiani. Benki yenu na yangu zisipokuwa na akaunti baina yao, malipo hupitia benki nyingine moja au mbili, na kila moja inaweza kumega chake kutoka kwenye kiasi chenyewe. Ujumbe wa malipo una sehemu ya kuchagua. Kwenye fomu nyingi ni OUR, SHA au BEN, na kwenye ujumbe mpya wa muundo wa pacs.008 ni DEBT, SHAR au CRED. Ukichagua OUR, mtumaji analipa zote. SHA, mtumaji analipa za benki yake na zilizobaki zinamwangukia mpokeaji. BEN, mpokeaji analipa zote. Mifumo mingi ya mishahara imewekwa SHA tangu mwanzo na hakuna anayeigusa. Je, yenu imewekwaje? Naomba iwe OUR. Hata hivyo OUR nayo haizuii kila kitu: benki ya njiani huweza kukata ingawa haikupaswa, na benki yangu inaweza kutoza ada yake ya kupokea kwa masharti ya akaunti yangu. Hiyo ya mwisho nitaibeba mimi bila ubishi. Ya njiani, naomba kampuni iirudishe kwenye malipo yanayofuata nikileta ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni nakala ya ujumbe wa malipo wa pacs.008, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa MT103. Ndiyo inayoonyesha kiasi kilichoagizwa na aina ya ada iliyochaguliwa, nami nitailinganisha na kiasi kilichofika kwenye akaunti yangu. Picha ya skrini yenye neno "imetumwa" haitoshi, kwa sababu haionyeshi aina ya ada iliyochaguliwa. Ndani ya nakala kuna pia namba ya ufuatiliaji iitwayo UETR, yenye alama 36 ukihesabu herufi, tarakimu na vistari, ambayo benki yoyote iliyo njiani inaweza kuitumia kujua fedha zimekwama wapi. Je, mtu wa malipo atanitumia nakala hiyo kila mara, au nitaiomba? Nikiiomba, itachukua siku ngapi?

Kuhusu kulipa kila baada ya wiki mbili, naomba tuache. Ada nyingi za benki hazitegemei kiasi, hivyo malipo yakigawanywa ada zinaongezeka. Kwa makadirio yale yale ya dola 35 kwa kila malipo, mara 12 kwa mwaka ni dola 420. Mara 26 ni dola 910. Kiasi cha wiki mbili ni kama euro 553.85, karibu dola 609, na dola 35 juu yake ni karibu asilimia 6. Mara moja kwa mwezi yatosha kabisa. Ikiwa haiwezekani kubadilisha, nifafanulie basi: kila malipo ni mwaka mzima kugawanywa kwa 26, au ni nusu ya 1,200? Kwa mwaka, tofauti ya hayo mawili ni euro 1,200, mshahara wa mwezi mzima.

Sasa hizi "gharama za kushughulikia malipo". Ni zipi, ni kiasi gani, na zinakwenda kwa nani? Kama ni ada ya benki, nimeshaieleza hapo juu. Kama ni ada ya ofisi yenu ya kunitafutia kazi, naomba iondolewe kabisa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hamtozi mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Najua mkataba huo unaruhusu nchi kuweka vighairi fulani, lakini kama mnategemea kimoja, nionyeshe kwa maandishi. Sisemi mna nia mbaya. Maneno hayo yalivyoandikwa yanaruhusu makato ya kiasi chochote, na hilo siwezi kulitilia sahihi.

Malipo yanaporudi pia yanahitaji kuwekewa utaratibu. Jina likitofautiana na la akaunti, au tarakimu moja ikikosewa, fedha hurudi zikiwa zimekatwa kwenda na kurudi, na zikitumwa tena hubadilishwa kwa kiwango kingine. Aliyesababisha kosa ndiye abebe hasara. Ili tusifike huko, nitatuma jina kama lilivyo kwenye akaunti, namba ya akaunti na msimbo wa benki wa BIC wenye alama 11 katika barua moja iliyogongwa muhuri na benki. Naomba kabla ya mshahara wa kwanza mtume malipo ya majaribio, tuseme euro 50 zitakazohesabiwa ndani ya mshahara huo. Tukiilinganisha nakala yake na kiasi kilichofika kwenye akaunti yangu tutajua njia nzima inakata kiasi gani, na hatutakuwa tunakisia tena.

Kwa upande wangu, kifungu cha 6 kingesomeka hivi:

"Mshahara ni euro 1,200 kwa mwezi, utatumwa kwa euro mara moja kwa mwezi, si baada ya siku ya mwisho ya kazi ya mwezi husika. Mwajiri atalipa ada zote za kutuma na za benki za njiani (OUR), na atafidia makato yoyote ya njiani ndani ya malipo yanayofuata baada ya kupokea ushahidi. Ada ya benki ya mpokeaji italipwa na mfanyakazi. Hakuna gharama ya uwakala itakayokatwa kwenye mshahara. Ikilazimu kulipa kwa dola, kitatumika kiwango rejea cha Benki Kuu ya Ulaya cha siku ya kutuma. Malipo yakichelewa kwa kosa la mwajiri, kitatumika kiwango kilicho bora kwa mfanyakazi kati ya cha siku ya kutuma na cha siku yalipopaswa kutumwa."

Marejesho ya gharama za intaneti na bonasi ya kumaliza miezi mitatu ya majaribio yafuate utaratibu huu huu. Yaambatanishwe na mshahara, yasitumwe peke yake, la sivyo rejesho la euro 30 linaweza kuliwa lote na ada.

Umesema barua irudi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nikipata majibu kufikia Jumatano nitaweza kutia sahihi kwa wakati. Kama ni rahisi zaidi kuzungumza, Jumanne asubuhi nina nafasi, ila makubaliano yenyewe naomba yaandikwe kwenye mkataba.

Wako,
Neema