Jaribio la darasani: derivativu kama kasi ya mabadiliko

Muda: dakika 40. Kikokotoo hakihitajiki.

Kanuni za kutafuta derivativu mnazijua tayari, kwa hiyo hazipimwi hapa peke yake. Kinachopimwa ni kama unajua namba uliyoipata inasema nini. Jibu la namba tupu lisilo na kipimo halipati alama, hata kama namba yenyewe ni sahihi. Pasipoelezwa vingine, s ni umbali kwa mita na t ni muda kwa sekunde.

Swali la 1. Gari limeondoka dakika tatu zilizopita, na spidomita yake sasa inasoma 80 km/h.

(a) Je, gari limeshakwenda kilomita 80? Kama sivyo, hiyo 80 ni ya nini?
(b) Kasi hiyo isipobadilika, gari litakwenda umbali gani katika dakika moja ijayo?

Swali la 2. Jiwe limeachiwa lianguke kutoka juu ya mnara. Tukipuuza upinzani wa hewa na kuchukua mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa 10 m/s², umbali lililoanguka ni s = 5t². Umbali ulioongezeka katika vipindi vinne umeshakokotolewa:

- kutoka t = 2 hadi t = 3: mita 25
- kutoka t = 2 hadi t = 2.1: mita 2.05
- kutoka t = 2 hadi t = 2.01: mita 0.2005
- kutoka t = 2 hadi t = 2.001: mita 0.020005

(a) Tafuta kasi ya wastani ya jiwe katika kila kipindi.
(b) Kasi hizo zinaikaribia namba ipi? Namba hiyo inaeleza nini kuhusu jiwe?
(c) Mwenzako anauliza: "Kwa nini tunahangaika na vipindi vinavyozidi kuwa vidogo? Si tuchukue kipindi cha sekunde 0, tumalize?" Mjibu.
(d) Bila kukokotoa, sema kama kasi ya wastani kutoka t = 1.9 hadi t = 2 itazidi au itapungua kuliko jibu lako la (b). Toa sababu.

Swali la 3. Kwa jiwe lile lile, mwanafunzi mmoja aliulizwa kasi yake sekunde ya 2 inapofika. Akaandika: "s = 5 × 2² = 20, kwa hiyo kasi ni 20 m/s." Mwalimu akamnyima alama. Mwanafunzi analalamika kwamba namba yake imelingana na iliyo ubaoni. Je, ameonewa? Tumia t = 3 kuthibitisha msimamo wako.

Swali la 4. Waendesha baiskeli wawili, P na Q, wanaanza pamoja kwenye mstari mmoja na kuelekea upande mmoja. Umbali wa P ni s = 4t; wa Q ni s = t²/2.

(a) Ni lini, baada ya kuanza, Q anamfikia P? Wakati huo kila mmoja anakwenda kwa kasi gani?
(b) Ni lini kasi zao zinalingana? Wakati huo nani yuko mbele, na kwa mita ngapi?
(c) Chora grafu zote mbili kwenye mhimili mmoja wa umbali na muda. Onyesha majibu ya (a) na (b), kisha eleza kwa nini sehemu grafu zinapokutana si sehemu zinapokuwa na mwinamo sawa.
(d) Pengo kati yao linaacha kukua lini? Usikokotoe chochote kipya.

Swali la 5. Mpira unarushwa wima kwenda juu. Urefu wake kwa mita kutoka pale uliporushwa ni h = 20t − 5t².

(a) Tafuta h na h' kwa t = 1 na kwa t = 3. Nini kimelingana na nini hakikulingana? Alama ya kutoa inasema nini?
(b) Kwa t = 2, h' = 0. Mwanafunzi anasema, "Basi mpira umesimama hewani kwa muda." Kubali, kataa, au rekebisha kauli hiyo.

Swali la 6. Mkimbiaji anaanza mita 10 mbele ya mwenzake, na umbali wake ni umbali wa mwenzake ukiongezewa 10 kila wakati. Kasi zao zinatofautianaje?

Swali la 7. Hapa hakuna saa. F(x) ni lita za mafuta ambazo gari limetumia baada ya kwenda kilomita x. Tumeambiwa F'(100) = 0.08.

(a) Eleza maana yake kwa mtu ambaye hajawahi kusikia neno derivativu. Taja vipimo.
(b) Kadiria mafuta yatakayotumika kutoka kilomita ya 100 hadi ya 105. Kwa nini ni makadirio tu?

Swali la 8. Dereva amekwenda kilomita 120 kwa saa 2 bila kurudi nyuma. Anaapa kwamba spidomita yake haikuwahi kusoma 60 hata mara moja: "Nilikuwa ama chini ya hapo ama juu ya hapo." Je, tumwamini?

---

Mwongozo wa kusahihisha (kwa mwalimu)

1. Hapana. Ni kasi ya papo hapo. Dakika moja ijayo: 80/60, yaani kilomita 1 na theluthi. Atakayesema "80 ni umbali wa saa nzima iliyopita" amekosea, na kosa hilo ni la kawaida kuliko tunavyodhani.

2. (a) 25, 20.5, 20.05, 20.005 m/s. (b) 20 m/s. (c) Kipindi cha sekunde 0 kinatoa 0/0, ambayo si namba. Kwa hiyo tunaangalia kasi zinakoelekea. (d) Itapungua, kwa sababu jiwe linazidi kuongeza kasi (ni 19.5).

3. Hakuonewa. Amesoma umbali akauita kasi, na hizo 20 mbili zimelingana kwa bahati. Kwa t = 3 umbali ni mita 45, kasi ni 30 m/s. Nilichagua t = 2 makusudi; darasani mwangu robo tatu waliwahi kupita hapa bila kushtuka.

4. (a) t = 8, wote wakiwa mita 32; P 4 m/s, Q 8 m/s. (b) t = 4; P yuko mbele kwa mita 8. (c) Kukutana ni kulingana kwa umbali. Mwinamo ni kasi. (d) Ni pale pale t = 4: kabla yake P ana kasi zaidi na pengo linapanuka, baada yake Q ana kasi zaidi na linapungua hadi amfikie P. Swali hili lipewe alama nyingi kuliko yote. Anayeandika kwa (a) kwamba kasi zimelingana arudishwe kwenye grafu, si kwenye kanuni.

5. (a) Urefu ni mita 15 mara zote mbili. Kasi h' ni 10 kisha −10 m/s. Alama inaonyesha mpira unashuka. Ukali wa mwendo ni ule ule. (b) Kasi ni sifuri kwa papo hiyo tu. Mpira hausimami hewani hata sehemu ndogo ya sekunde, kwani kabla yake unapanda na baada yake unashuka.

6. Hazitofautiani.

7. (a) Ukiwa kilomita ya 100, gari linakula mafuta kwa kiwango cha lita 0.08 kwa kila kilomita. Mwanafunzi asiseme limetumia lita 0.08. (b) Takriban lita 0.4, kiwango kinaweza kubadilika njiani.

8. Tusimwamini. Wastani ni 60 km/h. Angekuwa chini ya 60 wakati wote asingefika kwa saa 2. Angekuwa juu wakati wote angewahi. Kwa hiyo alikuwa pande zote mbili, na spidomita hairuki kutoka 50 hadi 70 bila kupita 60. Mwanafunzi asiyetaja hoja ya kutoruka apewe nusu ya alama.