Barua kwa Dada Rehema: tunaomba kujua kama u salama

Vingunguti, Dar es Salaam
Alhamisi, 13 Machi 2025

Dada Rehema,

Salaam Alaykum, na pole na saumu.

Ninakuandikia kwa sababu hujaonekana kazini tangu Jumatatu ya tarehe 10 Machi, simu yako haipatikani, na sisi tunaofanya kazi nawe tumeingiwa na wasiwasi. Kabla ya jambo lolote lingine nataka ulijue hili: barua hii si onyo wala si hatua ya nidhamu. Ninachokihitaji kwako leo ni neno moja tu la kunijulisha kwamba wewe na mwanao mko hai na mko salama. Maelezo mengine yote yanaweza kusubiri mpaka utakapokuwa tayari kuyatoa.

Wasiwasi wetu unatokana na jinsi tunavyokufahamu. Wewe ndiye mtu ambaye daladala ikikwama Buguruni hutuma ujumbe kabla ya saa mbili kumjulisha msimamizi kwamba utachelewa robo saa. Jumatatu asubuhi nilifungua leja ya kupokea mizigo nikakuta ukurasa wa Ijumaa umefungwa kama kawaida yako: hesabu ya magunia ya mchele imelingana na hati za dereva, mstari mwekundu umepigwa chini kwa rula, na saini yako ipo. Funguo za stoo namba mbili ulimkabidhi mlinzi na ukaandika saa ya kukabidhi. Hakuna kilichopotea, hakuna kilichoharibika, na hakuna mtu anayekuulizia kwa jambo la mali. Ninalisema hili waziwazi kwa kuwa nimeshawaona watu wakikaa mbali na kazi kwa kuhofia kosa ambalo halikuwapo kabisa.

Ni haki yako kujua tulichokwisha kukifanya, ili usije ukakisikia kwa watu wengine kikiwa kimeongezwa chumvi. Nimekupigia mara nyingi, asubuhi na jioni, na kila mara ninaambiwa kwamba mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa. Ujumbe wangu wa WhatsApp umebaki na tiki moja. Nilimtafuta pia kaka yako kwa namba uliyoiandika kwenye fomu yako ya ajira, lakini aliyepokea ni mtu mwingine ambaye hamfahamu. Jana jioni, kabla ya futari, msimamizi wako alifika kwako Tabata Kimanga pamoja na Dada Mwajuma wa mapokezi. Walikuta mlango umefungwa kwa kufuli la nje. Jirani yako wa chumba cha pili aliwaambia kwamba Jumapili jioni alikuona ukitoka na mtoto na begi, na kwamba hukuonekana kuwa na haraka. Wao walijitambulisha kuwa ni wenzako waliokuja kukujulia hali, basi. Hawakumhoji jirani mambo yako, na hawakumwambia kwamba hujafika kazini.

Habari ya begi imetupa matumaini kwamba umesafiri, na huenda simu imeishiwa chaji, imeibiwa, au uko mahali ambapo mtandao haushiki. Hata hivyo matumaini hayatoshi, na ndiyo maana ninakuandikia kwa urefu huu.

Sitaki kukisia kilichokupata. Inawezekana unauguliwa, umepata msiba, wewe mwenyewe unaumwa, umebanwa na deni, au kuna jambo la nyumbani ambalo si rahisi kulitamka. Vyovyote itakavyokuwa, nakuomba usinyamaze kwa sababu ya aibu. Katika kazi hii nimekaa na wafanyakazi waliokimbia wakopeshaji wa kausha damu, waliokuwa wakimuuguza mzazi peke yao, na wengine ambao mwili ulikuwa mzima lakini moyo ulikataa kabisa kuamka asubuhi. Hakuna hata mmoja niliyemwona mdogo kwa hayo, na wewe sitakuona mdogo.

Kama kinachokuzuia ni hofu ya kupoteza kazi, naomba nikueleze hali ilivyo bila kukuficha. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi anayeumwa ana likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari anayetambulika. Ikiwa anayeumwa ni mtoto wako, au umefiwa na mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye, bibi au babu, sheria hiyohiyo inakupa siku nne zenye malipo katika mzunguko wa likizo wa miezi 36. Zaidi ya hizo, bado una siku za likizo ya mwaka ambazo hujazitumia, na nina mamlaka ya kukuandikia siku hizi kama sehemu ya likizo hiyo hata kama umeshaondoka, maadamu nimesikia kutoka kwako. Cheti kinaweza kuja baadaye. Usisubiri kukipata ndipo unitafute.

Upande wa pili wa sheria nao ni lazima niutaje, kwa kuwa kukuficha hakutakuwa wema. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinauhesabu utoro wa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kuwa kosa zito. Kesho Ijumaa ndiyo siku ya tano. Sikuelezi haya ili nikutishe, na hata siku hizo zikipita hakuna atakayekufukuza kimyakimya, kwa sababu ni lazima uitwe na usikilizwe kwanza. Nimekueleza kwa kuwa ujumbe mfupi kutoka kwako, hata wa maneno mawili, unanipa pa kusimamia katika kukutetea, ilhali kimya kinanifunga mikono.

Kuhusu kazi yenyewe, usiwe na mawazo. Kijana wa stoo namba moja ameshika leja yako kwa muda na anafuata utaratibu wako wa rula na kalamu nyekundu. Mshahara wa mwezi huu haujasimamishwa. Vifurushi vya futari viligawiwa juzi. Chako, chenye mchele, sukari, mafuta na tende, nimekiweka kwenye kabati la ofisini kwangu kikiwa na jina lako, na unaweza kumtuma yeyote unayemwamini aje akichukue.

Wanaojua kwamba hatukupati ni mimi, msimamizi wako na Dada Mwajuma. Wafanyakazi wengine wameambiwa kwamba una udhuru, na jibu litabaki hilohilo. Utakachonieleza hakitaingia kwenye faili lako isipokuwa kile ambacho sheria inakidai, yaani aina ya likizo na tarehe zake. Ikiwa kuna jambo ambalo ungependa kulizungumza na mtu asiye wa uongozi, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi yuko tayari kukusikiliza, nami sitamuuliza mlichozungumza.

Njia ya kunifikia ni ile iliyo rahisi kwako. Unaweza kunibipu kwa namba yoyote nami nitapiga. Simu yangu ni ileile unayoifahamu na usiku siizimi. Unaweza kutuma ujumbe wenye neno «salama» peke yake, nami sitakuuliza zaidi siku hiyo. Unaweza pia kumtuma mtu ofisini, au kuacha ujumbe kwa jirani yako. Ukitumia simu ya mtu mwingine, nakuomba utaje lile jina la utani tunaloliitia stoo namba mbili, ili niwe na hakika kwamba ni wewe uliyeandika. Endapo huwezi kuzungumza kwa uhuru, tuma neno «leja», nami nitaelewa kwamba unahitaji msaada na kwamba nisikupigie kwenye simu hiyo. Na kama uko kwenye hatari wakati unaposoma haya, usianze na mimi: piga 112, au ingia kituo cha polisi au hospitali iliyo karibu. Sisi utatujulisha baadaye.

Ukiwa umelazwa, mwombe muuguzi au anayekuuguza aniambie jina la hospitali na wodi. Tutakuja kukuona kama utapenda, na kama hutapenda tutatuma mahitaji na kukuacha upumzike. Ukihitaji nauli ya kurudi Dar es Salaam, niambie uko wapi na ni nani nimtumie.

Naomba pia ujue tutakachokifanya ikiwa hatutapata habari zako. Kesho Ijumaa saa tisa alasiri nitampigia mama yako mdogo wa Muheza, ambaye uliandika jina lake kama mtu wa pili wa kutafutwa wakati wa dharura. Mpaka sasa sijampigia, kwa sababu ulipata kuniambia kwamba ana presha, na baada ya habari ya jirani sikuona vema kumshtua mtu mzima aliyefunga kabla sijakupa nafasi ya kunijibu. Iwapo naye atakuwa hajui ulipo, jioni hiyohiyo tutakwenda kuulizia mapokezi ya hospitali ya Amana na ya Muhimbili, kisha ofisi ya serikali ya mtaa wako, na mwisho kituo cha polisi kilicho karibu na kwako kutoa taarifa na kuchukua RB. Sifanyi hivyo ili kukusumbua wala kukuaibisha mtaani. Tukishapata neno lako, hatua hizo zote zinasimama pale zilipofika.

Barua hii nimeituma kwa WhatsApp na kwa barua pepe yako, na nakala moja iliyofungwa kwenye bahasha isiyo na nembo ya kampuni ataiingiza Dada Mwajuma chini ya mlango wako leo jioni. Ikiwa umeifungua wewe usiye Rehema, nakuomba kwa heshima uifikishe kwake, au uje ofisini kwetu Vingunguti utuambie kama unajua alipo. Hutaulizwa kwa nini umeifungua.

Tunakusubiri, Dada Rehema. Mimi nitakuwa ofisini kesho tangu saa moja asubuhi, na simu itakuwa mkononi.

Wako katika kazi,

Upendo
Afisa Rasilimali Watu